Tunapishana shifti, nipike nini ambacho kikipashwa bado ni chakula?

"Shikamoo dada. Mume wangu yuko shifti ya usiku kiwandani, anatoka nyumbani saa 11:30 jioni anarudi saa 1:30 asubuhi. Mimi naondoka saa 11 alfajiri narudi saa 1 usiku. Jumapili tu ndo tunakula pamoja. Nikirudi napika wali na mboga, yake namwekea kwenye hotpoti aikute asubuhi, ila wali unakuwa na maji maji na harufu, mchicha mweusi, na wiki iliyopita alitapika mchana kutwa. Tuna jiko la gesi la plate mbili na friji ndogo yenye friza juu, maikrowevu hatuna. Nipike vyakula gani?"

Marahaba mdogo wangu. Nimepika miaka 14 kwenye jiko la kulisha wafanyakazi wa zamu, watu wanakula saa 6 mchana, saa 2 usiku na saa 8 usiku kutoka kwenye sufuria zile zile, kwa hiyo hili swali lako ndo kazi yangu ya kila siku. Na kabla sijakutajia chakula hata kimoja naanza na hotpoti, maana naona tatizo kubwa liko hapo.

Hotpoti haipashi chakula, inachelewesha tu kupoa. Mimi nilishawahi kupima kwa kipimajoto cha jikoni, wali umetoka jikoni unafuka nikautia kwenye hotpoti nzuri nzito iliyojaa, baada ya masaa 4 ukawa umeshuka hadi kama nyuzi 60, baada ya hapo ukaendelea kushuka pole pole mpaka asubuhi ukawa vuguvugu tu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Sasa kuanzia nyuzi 60 kushuka chini ndo bakteria wanaanza kuzaana, na hilo vuguvugu ndo joto wanalolipenda kuliko lote. Wewe unapika saa 2 usiku, yeye anafunua saa 1:30 asubuhi, hayo ni masaa karibu 12, yani nusu ya usiku mzima ule wali umekaa kwenye joto baya kabisa ukiwa umefunikwa na unyevu wake mwenyewe. Ule mvuke unaoganda kwenye mfuniko ndo unaodondoka na kukuletea hayo maji maji.

Wali una jambo lake la ziada ambalo wengi hawalijui. Kwenye mchele mbichi kuna bakteria ambaye anajifunga kama mbegu ngumu, ukichemsha wali yule mbegu hafi, anabaki amelala humo humo. Wali ukikaa vuguvugu muda mrefu anaamka, anazaana na kutoa sumu, na ile sumu ya kutapisha haiondoki kwa kupasha, hata uchemshe mpaka wali uungue. Mtu anakula, ndani ya saa moja mpaka sita anatapika. Mimi si daktari na siwezi kusema kwa uhakika nini kilimpata mume wako, ila kutapika kwa namna hiyo baada ya wali uliolala kwenye hotpoti ni kitu nimekiona kwa macho yangu. Kuna jiko nilifanya kazi mwanzoni, sufuria kubwa ya wali wa usiku iliachwa imefunikwa juu ya meza mpaka asubuhi, wakaipasha vizuri tu mpaka ikafuka, na watu 9 wa shifti ya asubuhi wakatapika kabla ya saa 6 mchana. Wali haukuwa unanuka. Kwa hiyo usitegemee pua kwenye wali, hesabu masaa.

Ila hotpoti usiitupe, kwa ratiba yenu inafaa sana upande mwingine. Angalia: yeye anaondoka saa 11:30 jioni, wewe unarudi saa 1 usiku. Hilo ni lisaa limoja na nusu tu. Kumbe anayeweza kukuachia wali wa moto kwenye hotpoti ni yeye, sio wewe kumwachia yeye. Akiamka saa 9 au 10 alasiri apike wali, ale wake wa moto kabla hajaenda kazini, wako autie kwenye hotpoti aliyoisuuza kwa maji ya moto kwanza (hii suuza usiidharau, hotpoti baridi inanyonya joto lote la wali dakika za mwanzo), ukifika unafunua unakula. Na asubuhi hivyo hivyo, wewe ukiondoka saa 11 alfajiri yeye anafika masaa mawili na nusu baadaye, kwa hiyo kama umeamka ukapasha mchuzi mpaka ukachemka na kuutia kwenye hotpoti muda huo huo, atakuta bado wa moto na ni salama. Kinachoua ni kuvusha usiku. Chakula cha kuvuka usiku kinalala kwenye friji, basi.

Sasa tuje kwenye vyakula vyenyewe. Mimi nina kanuni moja ambayo ndo imenilisha mjini miaka yote hii: chakula cha kupasha usikimalize, kiachie hatua moja ya mwisho, hiyo hatua aimalize anayekula. Tui linaingia mwisho, viazi vinaingia mwisho, mafuta ya chapati yanaingia mwisho, ugali unasongwa mwisho. Ukifanya hivyo kile anachokula mwenzio sio kiporo, ni chakula kilichoiva leo ambacho kazi yake ngumu ilifanyika Jumapili. Wanaume wengi wanaosema hawali kiporo, kinachowakera sio siku iliyopikwa, ni ule ukavu na ile harufu ya mafuta yaliyopoa.

Chukua maharage. Jumamosi usiku loweka kilo moja, Jumapili mwaga yale maji, weka mapya, chemsha mpaka yalainike kabisa, kwa gesi ni kama lisaa limoja na nusu kutegemea umri wa maharage (ya zamani dukani yanaweza kukuchukua zaidi ya masaa mawili, na chumvi usitie mpaka yameanza kulainika). Kilo moja ikiiva inakupa vikombe 12 hivi. Gawa kwenye vikontena 6 vya vikombe viwili viwili pamoja na maji yake, hayo maji mazito usiyamwage ndo rojo yako. Usiunge bado na usitie tui. Viwili viweke friji ya chini, vinne friza. Siku ya kula unakaanga kitunguu, nyanya na karoti kidogo dakika kumi, unamwaga maharage, yakichemka dakika 5 unatia tui zito, unakoroga pole pole moto mdogo, likianza tu kutokota unazima. Ukiunga na tui Jumapili ukaja kulipasha Jumatano mambo mawili yanatokea: tui linakatika, unaona mafuta juu na chembe chembe nyeupe chini, na pia chakula chenye nazi kwenye joto la Dar kinachacha haraka kuliko kisicho na nazi. Kama huna muda wa kukuna nazi katikati ya wiki, kamua Jumapili, tui zito ligandishe kwenye trei ya barafu, vipande vinne au vitano vinatosha kikontena kimoja cha maharage na unavitupia vikiwa barafu hivyo hivyo.

Kisamvu nacho ndo mboga yako ya majani kuanzia leo, achana na mchicha wa kulaza. Mchicha, matembele, hizo ni mboga za kuiva dakika 5, zikilala zinatoa maji na kuwa nyeusi na hakuna utakachofanya zirudi. Ukitaka mchicha, osha, kausha maji vizuri, katakata, funga kwenye nailoni uweke friji, yeye anaugeuza na kitunguu dakika 5 asubuhi. Ila kisamvu kinapenda kurudiwa, kila kikichemka kinazidi kulainika. Nunua kilichotwangwa sokoni, kichemshe kwanza bila kufunika mfuniko kama lisaa limoja (majani ya muhogo mabichi yana sumu, kutwanga na kuchemsha wazi ndo kunaitoa, kwa hiyo hapa usifupishe muda ili kubana gesi), kikikauka maji gawa na ugandishe. Siku ya kula unatia kitunguu, karanga za kusaga zilizokorogwa na maji, na tui. Robo saa. Ni mboga moja ambayo mimi nikiambiwa nichague ya leo au ya juzi nachukua ya juzi.

Nyama hapa ndo watu wanakosea kununua. Ukitaka nyama ya kupasha usinunue steki wala maini. Steki haina mafuta wala kano, ukiipasha mara ya pili inakamuka maji yote inabaki kama kamba ya katani. Mwambie muuza bucha akupe muundi, mbavu, nyama ya shingo, ile yenye kano na mfupa. Zile kano ukizichemsha taratibu masaa mawili zinayeyuka zinakuwa utelezi, ukipoa mchuzi unaganda kama jeli, ukiona hivyo jua umepatia, na ukipashwa ule utelezi unarudi kuwa mchuzi na nyama inabaki na unyevu wake. Kilo moja na nusu, tangawizi, kitunguu saumu, chumvi, maji ya kufunika nyama, moto mdogo masaa mawili. Pembeni kaanga vitunguu vitatu na nyanya sita mpaka mafuta yaonekane juu, changanya, acha vitokote pamoja dakika 15. Gawa mara 5. Viazi mbatata usitie humo. Kiazi kikiganda kwenye friza kikija kuyeyuka kinakuwa kama sponji, kinatoa maji na ndani kina chenga chenga. Aliyefika nyumbani amenye viazi viwili, avikate vidogo, avitie kwenye mchuzi unaochemka, dakika 15 vimeiva na mchuzi umekuwa mpya. Kuku wa kisasa pia sikushauri sana kwa kulaza, nyama yake laini inatoa ile harufu ya kiporo mapema, wa kienyeji anavumilia.

Kwenye wanga, ugali usijaribu hata kuulaza. Sio uchafu, ni maumbile ya unga wenyewe, ugali ukipoa unakaza na kukatika na ukiupasha juu unaungua ndani bado wa baridi. Na ugali wa mtu mmoja ni dakika 10, vikombe viwili vya maji na kama kikombe kimoja cha unga, mwachie unga umepimwa kwenye bakuli. Nadhani kwa mtu aliyetoka shifti ya usiku kusonga ugali dakika 10 anaweza, kupika kuanzia kitunguu hawezi, na hiyo ndo tofauti ninayotaka uishike.

Chapati ndo rafiki yenu wa asubuhi. Sukuma Jumapili chapati 16, kila moja igeuze kwenye chuma kikavu bila mafuta, upande huu na huu, mpaka ibadilike rangi na iwe na vidoa vidogo tu, isibabuke. Zipoze zikiwa zimetandazwa, usizibebanishe za moto zitatoa jasho zitanate. Zikipoa panga na kipande cha nailoni safi kati ya moja na nyingine, funga, friza. Asubuhi anachukua mbili au tatu, chuma cha moto, kijiko cha mafuta, dakika mbili kila moja, inatoka laini na harufu ya chapati ya sasa hivi. Chapati iliyomalizwa kabisa ukiipasha inakakamaa pembeni, hii haikakamai kwa sababu mafuta na joto la mwisho inayapata leo.

Na wali kama lazima ulale, basi ukitoka jikoni tandaza kwenye sinia, upepo wa feni, ndani ya nusu saa umepoa, weka kwenye kikontena ufunike, friji, na uliwe ndani ya siku moja. Kuupasha, nyunyizia vijiko vitatu vya maji kwa vikombe viwili vya wali, funika kabisa, moto mdogo sana dakika 8, halafu ugeuze kwa uma. Pilau inapashika vizuri zaidi kuliko wali mweupe kwa sababu mafuta yanazuia punje zisikauke, na wali wa nazi ndo unaochacha upesi kuliko wote, huo ubaki kuwa wa Jumapili mkiwa wote wawili.

Samaki nitapita haraka. Wa kukaanga akilala anakuwa mkavu, wa mchuzi anavurugika. Kama mnampenda, laza mchuzi peke yake, uchemshe, halafu mtupie samaki aliyekaangwa dakika 3 za mwisho. Au tumia dagaa wakavu, hao hawana shida na mtu.

Sasa jambo la kupoza, maana najua Jumapili utakuwa na sufuria tatu za moto na friji ndogo. Usiingize sufuria ya moto kwenye friji, itapasha kila kitu kilichomo humo, na katikati ya sufuria kubwa maharage yatabaki vuguvugu mpaka usiku wa manane, yani umerudi kule kule kwenye hotpoti. Weka sufuria ndani ya beseni la maji ya baridi, koroga kila baada ya dakika chache, badilisha maji yakipata moto, mara mbili au tatu inatosha, ndani ya dakika 40 unaweza kugusa. Halafu gawa kwenye vikontena vifupi, chakula kisizidi kimo cha vidole vitatu vilivyolazwa, vifuniko viache wazi kidogo mpaka vipoe. Kuanzia kuzima jiko mpaka kuingia friji yasipite masaa mawili. Cha friji ya chini kiliwe ndani ya siku 3, cha friza hata miezi miwili kitakaa vizuri tu.

Nikuwekee wiki yako ilivyo. Jumapili saa 3 asubuhi maharage plate moja, nyama plate nyingine, nyama ikishuka kinapanda kisamvu, wakati vinachemka wewe unakanda unga na yeye anageuza chapati. Saa 9 alasiri kila kitu kipo ndani ya friji, na mchana mmekula pamoja kilichotoka moja kwa moja jikoni. Jumatatu asubuhi anakuta kikontena cha mchuzi friji ya chini na chapati friza. Akishakula, anahamisha kikontena kimoja kutoka friza kushuka friji ya chini kwa ajili ya kesho, hii mpangie iwe kazi yake ya kila asubuhi kabla hajalala, maana kuyeyusha kunataka siku nzima, na chakula cha kuyeyushwa mezani juani ni hatari ile ile. Alasiri anachemsha wali vikombe viwili, anapasha maharage na kutia tui, anakula, yako kwenye hotpoti. Jumanne wewe unakuta ugali? Hapana, ugali kwenye hotpoti masaa mawili unakubali lakini unatoa jasho, bora ukute unga umepimwa na mboga ya moto, unasonga mwenyewe. Jumatano kisamvu, Alhamisi mnarudi kwenye maharage, Ijumaa nyama na viazi, Jumamosi mkose kila kitu mkaange mayai.

Kupasha kwenyewe: toa kiasi utakachokula tu, tia maji kidogo kwa sababu mchuzi wote uliolala unakuwa mzito, funika, moto wa kati, koroga mpaka chini, na usizime ukiona mvuke pembeni, subiri utokote mpaka katikati halafu uhesabu dakika 3. Kilichopashwa mara moja kikabaki hakirudi friji. Na kwa wiki hii ya kwanza mwandikie mumeo kwenye kila kikontena, kwa kipande cha tepu na kalamu, nini kipo ndani, siku kilipopikwa na hatua iliyobaki: "maharage, Jumapili, bado kitunguu na tui". Umeme ukikatika usiku kucha na akakuta vya friza vimelainika lakini bado vina barafu ndani, avishushe chini mvile siku hiyo na kesho yake. Vikiwa vimeyeyuka kabisa na havina ubaridi, avimwage, hata kama ni ile nyama.